Nimeambiwa "kachome mishkaki" mbele ya watu elfu tatu! Yule jamaa wa kuchoma tokeni amezidi

Mchoma_Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na si kwa baridi. Mbagala baridi iko kwenye friji ya Mangi tu. Mods msiuhamishie huu uzi jukwaa la utani, leo sina utani.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa kofia nyeupe, kila akifungua mdomo "familia, Mungu ni mwema", picha zote ameegemea gari, na kila wiki gari lina namba tofauti. Huyo huyo.

Jana saa tatu usiku katufungulia laivu kwenye grupu. Eti leo tunachoma sarafu zetu za mtandaoni, yaani tunaziteketeza zisitumike tena, bilioni 400 kati ya 1,000, saplai ikipungua bei haina pa kwenda ila juu, hata mtoto wa chekechea anajua kitu kikiadimika kinapanda. Kaweka muziki, kahesabu kama mkesha wa mwaka mpya: tano, nne, tatu... MOTO! Watu wakamwaga vikatuni vya moto mpaka simu yangu ikapata joto, kidogo niinjike chai juu yake.

Mimi nina laki sita humo. Hela ya jokofu la banda. Naangalia chati: imepanda dakika kama nane hivi, halafu ikadondoka kama embe bovu. Nikaomba maiki kwa adabu zangu zote: "Samahani kiongozi, kama tumechoma karibu nusu, mbona bei inashuka?"

Kimya. Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha:

"Wewe si ndiye yule wa mishkaki? Kachome mishkaki ndugu yangu, kuchoma tokeni waachie wenye akili."

Watu elfu tatu wakacheka. Elfu tatu! Kuna uwanja wa mpira haujawahi kujaa vile. Halafu kanifunga maiki.

KACHOME MISHKAKI. Mimi nikichoma mishkaki mtu anakula anashiba. Yeye kachoma bilioni 400, nani kashiba? Laki sita yangu sasa hivi ni laki mbili na sitini na kitu. Mke wangu hajui. Kachome mishkaki!

---

Dogo_wa_Chati

😂😂😂 Mkuu pole lakini nimecheka mpaka nimepaliwa. Mishkaki ya ng'ombe au kuku?

---

Mchoma_Mbagala

Ndiyo mnayonifanyia hayo. Ng'ombe.

---

Simba_wa_ETH

Tatizo si kuchoma, tatizo ni takataka uliyonunua. Mbona Ethereum inachoma tangu Agosti 2021 na iko imara? Kila muamala ada ya msingi inateketezwa, idadi inapungua, bei inapanda. Hesabu rahisi. Jamaa kakutusi lakini kanuni yake ni sahihi.

---

Kikokotoo

Mchoma, pole. Jana nilikuwemo humo kwenye laivu, sikucheka. Nilifungua ukurasa wa kukagua miamala wakati yeye anahesabu, na nitakwambia nilichokiona.

Zile bilioni 400 zimetumwa kwenye anwani inayoanzia 0x000 na kuishia dEaD, ambayo hakuna mwenye ufunguo wake. Hapo hajadanganya, hazirudi. Lakini tazama zimetoka wapi: waleti ya mradi wenyewe, ile ile iliyopokea sarafu siku ya kwanza. Hazijawahi kuuzwa kwa mtu. Mikononi mwa watu zilikuwa bilioni 150 kabla ya moto, na baada ya moto ni bilioni 150 zile zile. Kachoma akiba ya stoo, sokoni hakugusa.

Sasa bei inatoka wapi? Inatoka kwenye lile bwawa la kubadilishana, lenye sarafu zake upande mmoja na sarafu nyingine, BNB, upande wa pili. Jana kabla ya muziki lilikuwa na bilioni 20 za sarafu na BNB 30, kwa hiyo bilioni moja ilikuwa kama BNB moja na nusu. Moto ulipowaka bwawa halikupungua sarafu wala halikuongezeka BNB. Kilichopandisha zile dakika nane ni watu wa grupu walionunua kwa furaha, vijisenti. Wengi wao wakatoka tena haraka, tukarudi pale pale. Halafu waleti moja ikamwaga bilioni 10 kwa mkupuo. Bwawa likawa na sarafu bilioni 30, na kwa sababu pande mbili zikizidishwa jibu halibadiliki, BNB zikabaki 20. Gawanya mwenyewe: bilioni moja sasa ni theluthi mbili ya BNB. Kutoka moja na nusu. Hapo ndipo laki sita yako ilipogeuka laki mbili na sitini.

Na huyo muuzaji kaondoka na BNB 10. Waleti yake ilipokea sarafu kutoka waleti ya mradi wiki mbili zilizopita. Sisemi zaidi.

---

Mchoma_Mbagala

Dada ngoja nikae chini.

Yaani wakati mimi naambiwa kachome mishkaki, mtu alikuwa anauza?

---

Kikokotoo

Muda ule ule. Tofauti ni dakika moja na ushee.

---

Mchoma_Mbagala

KACHOME MISHKAKI!!!

---

Mpwa_wa_Tanga

Samahani wakuu, na mimi simu yangu ikiwa chaji inaungua sana hasa nikiwa na laini mbili. Hiyo kuchoma inasababishwa na betri au chaja ya kariakoo?

---

Dogo_wa_Chati

Mpwa, rudi Tanga taratibu.

---

Simba_wa_ETH

Sawa, hiyo ni tapeli wa mtaani. Mimi nazungumzia mradi wa kweli ukichoma kweli.

---

Kikokotoo

Stellar ni mradi wa kweli. Novemba 2019 taasisi yao iliteketeza sarafu zake, XLM, bilioni 55 kati ya bilioni 105. Zaidi ya nusu, na hakuna ujanja, kila mtu aliona. Bei ikaruka siku chache, na kabla mwaka haujaisha ikawa chini ya pale ilipoanzia. Kwa nini? Zilizochomwa zilikuwa za taasisi, hakuna aliyekuwa amepanga kuziuza wiki ile wala aliyekuwa anazisubiri. Mnunuzi wa sokoni hakuona upungufu wowote.

Na hiyo ETH yako, sarafu ya Ethereum, nayo tuiangalie. Kabla ya Septemba 2022 ilikuwa inachoma huku ikitoa mpya nyingi zaidi ya inazochoma, kwa hiyo idadi ilikuwa inaongezeka. Walipohamia mfumo wa kuweka dhamana, mpya zikapungua kama asilimia 90, ndipo idadi ikaanza kushuka kweli. Machi 2024 wakafungua njia ya bei rahisi kwa mitandao ya pembeni, ada zikaanguka, moto ukafifia, idadi ikaanza kupanda tena. Mapema 2025 ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa Septemba 2022.

Bitcoin haichomi kitu, kila dakika kumi hivi inaongeza mpya, nayo Desemba 2024 ilivuka dola 100,000, na wakati huo ETH yako ilikuwa bado haijafikia kilele chake cha 2021. Kama kupungua kwa saplai ndiko kunakopandisha bei, hao wawili wamebadilishana shati?

---

Simba_wa_ETH

Bitcoin ina ukomo wa milioni 21, usichanganye. Na hujajibu hili: hizo ada zisingechomwa zingeenda kwa wathibitishaji wa miamala, nao wangeziuza. Kuchoma kunaondoa muuzaji sokoni. Hilo huwezi kulikataa.

---

Kikokotoo

Silikatai. Hapo una hoja, na ndiyo tofauti ya kuchoma ada na kuchoma stoo: ada mtu amezinunua na amezilipa kweli ili atumie mtandao. Ila moto huo unafuata watumiaji. Mtandao ukijaa, unachoma sana. Watu wakiondoka, hakuna cha kuchoma, siku ile hasa ambayo ungeuhitaji. Sasa ni kiasi gani cha bei kinatokana na moto na kiasi gani kinatokana na wale watu waliojaa? Sijaona mtu aliyeweza kuvitenganisha, na wewe hujavitenganisha.

---

Simba_wa_ETH

Mimi nashikilia zangu. Tutaonana.

---

Yatima_wa_LUNC

Mnaongea mishkaki, mimi nilikuwa kwenye Terra Classic, sarafu yake ndiyo LUNC. Baada ya bei kuporomoka Mei 2022, idadi yake ilikuwa imefika trilioni karibu saba. Septemba mwaka ule wakaweka makato ya asilimia 1.2 kila muamala yachomwe. Tukashangilia kama timu imepanda daraja. Watu wakakwepa makato kwa kutofanya miamala! Mwezi uliofuata wakayashusha hadi 0.2. Nilikaa na kikokotoo cha simu nikagundua kwa mwendo ule wajukuu wangu watazeeka kabla hazijafika bilioni. Bado ninazo. Usiniulize kwa nini.

---

Mama_Kikoba

Makato ya asilimia 1.2 mnalia? Nyie mmesahau tozo za miamala za 2021? Nilituma hela ya matibabu kijijini, makato nusura yazidi dawa. Hayo yangechomwa moto ningekuja na kiberiti mwenyewe. Na juzi wakala kanikata mara mbili, nikimuuliza anasema "mtandao". Mtandao ndiyo jina lake?

---

Yatima_wa_LUNC

Mama, wakala wa kwetu anasema hana floti kuanzia Januari.

---

Mama_Kikoba

Wote darasa moja hao.

---

Mchoma_Mbagala

Jamani turudi kwenye mada. Dada Kikokotoo, nimeelewa hivi: jana nilikuwa na mishkaki 100. Ningetupa 40 jalalani, hizo 60 nisingeziuza bei mara mbili, kwa sababu wateja ni wale wale kumi na mmoja anakopa. Ndiyo hivyo?

---

Kikokotoo

Karibu. Kwa jamaa yako ilikuwa zaidi ya hapo: zile 40 zilikuwa bado kwenye ng'ombe.

---

Dogo_wa_Chati

😂😂😂 kwenye ng'ombe! Nimefunga data kwa leo.

---

Mzee_Jukwaa

Nimesoma uzi wote. Nimeona mtu mmoja tu kwenye laivu ile aliyeuliza swali la maana, na kaambiwa arudi jikoni. Mwanangu toa hicho kilichobaki wakati bwawa lina maji. Kesho akimwaga tena utapata nauli ya daladala. Na mkeo mwambie.

---

Mchoma_Mbagala

Mzee kutoa nimetoa sasa hivi, imefika laki mbili na hamsini, bwawa limekula kidogo nilipouza. Kumwambia mke bado naipanga sentensi.

---

Mama_Kikoba

Anza na pole. Usianze na bwawa.

---

Dogo_wa_Chati

Banda liko wapi kwani? Mshkaki bei gani?

---

Mchoma_Mbagala

Rangi Tatu, ukishuka kituoni utaona moshi. Mia tano mmoja.

---

Mpwa_wa_Tanga

Mia tano? Huku kwetu mia tatu na kachumbari juu.

---

Yatima_wa_LUNC

Mia tano vipande vingapi? Wa kwetu wanaweka vitatu, cha nne ni mafuta.

---

Mama_Kikoba

Hapo mmegusa donda. Juzi Temeke nimeuziwa mshkaki, katikati kuna kitunguu kizima...