Gauni la picha ya akili mnemba: nitaje kitambaa, au nieleze kinavyoanguka?

PindoRefu: Wakuu, kesho nawasilisha picha. Nimeandika "gauni la satini ya kijani", likaja kama karatasi iliyobandikwa kifuani. Nitaje kitambaa na ufumaji, au nieleze mikunjo?

Mkasi: Hujasema mengi. Mtu amesimama au amekaa? Mwanga unatoka wapi? Unaunda picha nzima, au unabadilisha nguo kwenye picha iliyopo?

Zulia: Andika hariri, yatosha. Satini na hariri ni kitu kimoja.

Mkasi: Hapana, Zulia. Hariri ni uzi, satini ni namna ya kufuma. Kuna satini ya poliesta, na kuna krepu ya hariri isiyong'aa hata kidogo. Ila ni kweli neno hariri huleta ulaini.

PindoRefu: Samahani. Amekaa kitini, dirisha liko kushoto kwake. Naunda picha nzima.

Mkasi: Basi anza na mahali nguo inaposhikwa. Nguo huning'inia mabegani, hubanwa kiunoni na kukunjwa nyonga zinapopinda. Mikunjo huanzia hapo. Mimi ningeandika: "Satini nyepesi, imekatwa mshazari, inateleza juu ya mapaja na kuning'inia kati ya magoti. Mikunjo michache mirefu yenye migongo ya mviringo. Mng'ao kwenye migongo inayoelekea dirisha la kushoto, kivuli chembamba pale ukanda wa bega unapogusa ngozi." Hicho kivuli cha mwisho usikisahau, ndicho kinachoondoa sura ya kubandikwa.

Ushanga: Mimi niliponzwa na mistari. Niliomba shati la kitani la mistari, mikono imekunjwa kifuani. Picha ilikuja nzuri, nikamtumia mteja. Akauliza kwa nini mistari imenyooka kama ya daftari ilhali kiwiko kimepinda. Niliponyamaza akaonyesha na mshono wa begani: mistari ilipita juu yake bila kukatika. Nikaandika upya kwamba mistari ipinde kufuata mkono, ipotee ndani ya kila mkunjo, na ibadili mwelekeo kwenye mshono wa bega. Jaribio la nne ndilo lililokubaliwa, na bado kola niliirekebisha kwa mkono.

Tarizi: Nami nataka kushona gauni kama hilo. Nikate mita ngapi?

Mkasi: Tarizi, hapa tunazungumzia picha.

Zulia: Basi aongeze "nyuzi zionekane wazi", kitambaa kiwe halisi.

Ushanga: Kwa picha ya mwili mzima sikubali. Ukiziona nyuzi kutoka umbali huo, satini inageuka gunia.

Zulia: Kwa kitani mimi huziacha.

Ushanga: Kitani cha nyuzi nene, tena kwa picha ya karibu, sawa.

PindoRefu: Nimejaribu ya Mkasi. Mapaja yamekaa vizuri, ila mng'ao umetokea pande zote mbili. Niondoe neno satini nibaki na maelezo?

Mkasi: Liache kwanza. Andika kwamba upande wa kulia uko kivulini, kisha utuonyeshe.