Bagi ya 2019 imefungwa usiku huu "kwa kukosa shughuli", halafu mtu anatuambia AMESAFISHA NYUMBA!

Fundi_Stoo (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kusoma barua pepe sasa hivi na damu inachemka. Jamaa msimamizi wa mradi mnamjua. Sina haja ya kumtaja, yeyote aliyewahi kufunga ule mfumo wa mauzo na stoo kwenye duka la mtu anamjua. Usiku huu kaachia roboti lake kwenye GitHub, limefyeka bagi zote kongwe kwa pigo moja, halafu kabandika grafu ya umri wa bagi zilizo wazi. Mstari umeporomoka hadi chini, na juu yake kaandika: "Tumesafisha nyumba."

Tumesafisha nyumba! Hujashika hata ufagio, bwana wewe!

Bagi yetu ilifunguliwa 2019. Seva inaandika tarehe kwa saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Duka la dawa linalokesha likiuza saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kule UTC bado ni saa nne na nusu usiku wa tarehe 30 Juni. Mauzo yanaingia mwezi uliopita. Mwenye duka anahesabu droo, anafungua ripoti ya mwezi, havifanani, anamgeukia binti wa kaunta. Kila mwisho wa mwezi, kuanzia Kigoma mpaka Mombasa! Na kuithibitisha ni mstari mmoja:

```
TZ=UTC date -d '2025-07-01 01:30 +0300' +%F
```

Inatoa `2025-06-30`. Badilisha `TZ` iwe `Africa/Dar_es_Salaam`, inatoa `2025-07-01`. Mjukuu wangu ambaye hajazaliwa anaweza kuihakiki. Kiraka kimo humo humo kwenye ripoti, pamoja na jaribio lake. "Kukosa shughuli"! Aliyekosa shughuli ni nani?

Na siwezi kuifungua tena. GitHub ikishafungiwa na upande wa wasimamizi, wewe uliyeripoti kitufe huna. Unabaki kuangalia ile grafu. TUMESAFISHA NYUMBA!

Kobe wa Pwani

Nimewahi siti ya mbele. Leta bisi.

Dada Toleo

Mkuu punguza povu, jamaa ana hoja. Nimewahi kusimamia mradi. Nusu ya ripoti za zamani ni mtu kaandika "haifanyi kazi", ukimuuliza toleo gani hajibu mpaka kiama. Roboti linasaidia. Linapeleka onyo kwanza, siku 60 bila neno linabandika lebo ya `Stale`, siku 7 nyingine linafunga. Ungeandika hata nukta moja lingekuacha.

Fundi_Stoo

Kwa hiyo kazi yangu ni kuandika nukta kila miezi miwili hadi nizeeke? Bagi ipo! Haijaondoka! Mtu kafumba macho, kaandika amesafisha nyumba!

Mzee_wa_Foleni

Dada Toleo yuko sahihi nusu. Hizo 60 na 7 ni za kiwanda, na zinabadilishwa. Kuna pia `exempt-issue-labels`, unataja lebo ambazo roboti halizigusi. Kwa hiyo bagi iliyothibitishwa kufagiliwa ni uamuzi wa mtu, roboti msilisingizie.

Kinachonikera mimi ni ile grafu. Chukua bagi tano zilizo wazi, umri wake siku 10, 20, 30, 900 na 1,500. Wastani ni siku 492, ya katikati ni 30. Funga zile kongwe mbili bila kugusa msimbo. Wastani sasa ni 20, ya katikati 20. Mstari umeporomoka, programu ni ile ile. Ndiyo maana anayeleta ripoti ya umri lazima aweke pembeni zilizofungwa kipindi hicho na sababu yake: zilizorekebishwa ngapi, nakala ngapi, zilizofungwa tu ngapi. Bila hivyo grafu haisemi kitu.

Na umri wenyewe usihesabu tangu ilipofunguliwa peke yake. Weka safu ya pili, siku tangu mtu alipoiona kwa macho kwenye toleo linalotumika. Ya 2019 iliyothibitishwa mwezi jana ni mbichi. Ya mwaka jana ambayo hakuna aliyeijaribu tena ndiyo yenye mashaka. Msitegemee tarehe ya `updated` kwa hilo, maana hata roboti likiandika onyo lake tarehe inasogea.

Dada Toleo

Sawa, lakini nani atakaa kujaribu bagi mia tano moja moja? Sisi ni wa kujitolea.

Mzee_wa_Foleni

Huanzi na zote. Anza na zilizofungwa ambazo watu wengi wameziwekea dole:

```
is:issue is:closed reason:"not planned" sort:reactions-+1-desc
```

Zile za juu zijaribu kwenye toleo la leo. Ikitokea, ifufue na uandike toleo na siku. Isipotokea, usifunge kwa furaha haraka. Tafuta ni badiliko lipi liliiondoa, kwa sababu mara nyingi imejificha tu, hali ya kuiamsha hujaipata. Hii ya Fundi ni mfano: ukiijaribu saa nne asubuhi huioni kamwe, utaapa imepona. Kama sehemu yenyewe ya programu ilishaondolewa, funga na utaje toleo lililoiondoa. Anayekuja baadaye ataelewa.

Fedora wao wanafunga kwa toleo. Toleo linaishi kama miezi 13, likifa bagi zake zinafungwa, lakini aliyeripoti akiiona kwenye toleo jipya anabadilisha namba na maisha yanaendelea. Inauma, ila angalau sababu inaeleweka na mlango uko wazi.

Kobe wa Pwani

Fundi, ya 2019 ni kichanga. Firefox walikuwa na ile ya kijisanduku cha maelezo kinachobaki juu ya skrini hata ukihamia programu nyingine. Iliripotiwa 2002, ikarekebishwa 2023. Rudi hapa ukifikisha miaka 21.

Fundi_Stoo

Kobe, na wale waliiacha WAZI! Ndiyo maana aliyekuja 2023 aliikuta! Huyu wetu angeizika kisha aandike tumesafisha nyumba!

Kiranja

Mimi sikubaliani na Mzee. Kama inathibitika lakini hakuna atakayeirekebisha, kuiacha wazi ni kumdanganya mtumiaji. Mwambie hatutaifanya, afunge mkataba na fundi wake.

Mzee_wa_Foleni

Hilo tumelibishania miaka. Bugzilla ina `WONTFIX` kwa kazi hiyo, na mimi naikubali ikiwa mtu kaiandika baada ya kuisoma. "Kukosa shughuli" maana yake hakuna aliyesoma.

Kiranja

Na ikiwa kiraka kipo, kama cha Fundi?

Mzee_wa_Foleni

Hapo sina jibu la kumtetea.

MamaNtilieOnline

Samahani wakuu, mimi tiketi yangu ya mtandao wa simu nayo wameandika "imetatuliwa" na hela haijarudi. Nifungulie wapi tena? Hiyo `sort` naiandika kwenye meseji?

Kobe wa Pwani

Hapana mama, hiyo ni ya GitHub. Ila tiketi hizo zimenitesa na mimi! Wanakupigia, hujapokea mara moja, "imetatuliwa".

Dada Toleo

Mtandao gani huo? Mimi walinifungia nikiwa bado naongea nao kwenye simu.

MamaNtilieOnline

Huo huo! Mlipata hela zenu?