Kikoa kina miaka 14 lakini duka linaonekana jipya: je, tarehe ya usajili inatosha kuliamini?

Mnunuzi Makini

Wakuu, salamu kwenu. Naomba msaada wa kusoma taarifa za usajili wa kikoa, yaani jina la anwani, cha tovuti moja inayouza viatu vya michezo. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa bado sijui kama wenyewe ni waaminifu au la, na sipendi kumchafulia mtu jina kwa shaka tu. Ukurasa wao wa utambulisho unasema kwamba wamekuwa wakiuza viatu mtandaoni tangu 2011. Nilitumia amri ya `whois` kwenye kompyuta yangu, na tarehe zilizotoka ni hizi:

```
Creation Date: 2011-03-14T09:22:10Z
Updated Date: 2025-04-22T11:40:52Z
Registry Expiry Date: 2026-03-14T09:22:10Z
```

Mahali pa jina la mwenye kikoa pameandikwa `REDACTED FOR PRIVACY`, na nchi iliyobaki kuonekana si ile iliyotajwa kwenye anwani ya duka. Kwa upande mmoja naona 2011 inakubaliana na maneno yao. Kwa upande mwingine, picha zote za bidhaa ni za toleo la mwaka huu, na sijapata mteja hata mmoja anayelizungumzia duka hili kabla ya miezi michache iliyopita. Je, nizichukulie tarehe hizi kuwa uthibitisho?

Jicho Kali

Ndugu, ukiona mwenye tovuti amejificha, ondoka hapo hapo. Mfanyabiashara halali hana sababu ya kuficha jina lake. Halafu tazama tarehe ya mwisho: kikoa kimelipiwa mwaka mmoja tu, ilhali mtu mwenye nia ya kudumu hulipia hata miaka 10 kwa mkupuo.

Fundi wa Seva

Ndugu Jicho Kali, tahadhari yako ina msingi, lakini ishara mbili ulizozitaja hazibebi uzito unaozipa. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2018, wasajili wengi, yaani kampuni zinazouza majina ya vikoa, waliacha kuonyesha hadharani majina ya wenye vikoa, na kwa wengi wao hilo hufanyika bila mteja kuomba. Leo ukikagua maduka unayoyaamini, mengi utayakuta yamefichwa vilevile. Miaka 10 kweli ndiyo kikomo cha kulipia kikoa cha `.com`, lakini watu wengi waaminifu hulipia mwaka kwa mwaka. Mwizi na mwenye duka halali hufanana sana katika mambo hayo mawili.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Tarehe ya 2011 inakuambia jambo moja tu, kwamba jina hilo halijafutwa kwenye rejista tangu siku hiyo. Haikuambii kwamba mwenye jina ni yule yule, wala kwamba kilichokuwamo kilikuwa duka. Ukitaka kuona tofauti hiyo, soma tarehe zako tatu kwa pamoja, usisome ya kwanza peke yake.

Kikoa chako kila mwaka kinaisha tarehe 14 Machi. Kikoa cha `.com` kikifika mwisho bila kulipiwa, rejista huongeza mwaka mmoja yenyewe, na msajili hupewa hadi siku 45 za kuamua kama atakifuta. Ndani ya siku hizo wasajili wengi hukipiga mnada iwapo mwenyewe hakujitokeza kulipa. Anayeshinda mnada hupewa kikoa pamoja na tarehe yake ya zamani ya kuundwa, kwa sababu kikoa hakikufutwa. Kingefutwa kabisa, kingepitia siku 30 za kukombolewa na siku 5 za kusubiri kuondolewa, kisha mtu angekisajili upya na ungeona tarehe ya 2025. Badiliko lako la mwisho ni la tarehe 22 Aprili, yaani siku 39 baada ya 14 Machi. Hiyo inaangukia mahali pale pale ambapo vikoa vilivyoachwa hubadilisha mikono.

Nasema inaangukia, sisemi inathibitisha. `Updated Date` hubadilika pia mtu anapobadilisha seva za majina au anapohamia kwa msajili mwingine, na mwenye duka wa miaka yote hiyo angeweza kufanya hivyo mwezi Aprili. Kwa hiyo tarehe hii ni sababu ya kutafuta zaidi, nayo si hukumu.

Mama Vitenge

Samahani kwa kuingilia, lakini jambo hili linanihusu. Mimi nina duka halali la mtandaoni, na kikoa changu nilikinunua kwenye mnada wa namna hiyo kwa sababu kilikuwa kifupi na rahisi kukumbuka. Ukikikagua utaona kiliundwa miaka mingi kabla sijaanza biashara. Je, na mimi mtaniita tapeli? Wateja wangu wa kwanza walinisumbua mno kwa maswali ya aina hii.

Fundi wa Seva

Hapana, dada, na swali lako ndilo kiini cha mada yenyewe. Kununua jina la zamani si kosa. Swali ni hili: je, kwenye ukurasa wako umeandika kwamba unauza tangu mwaka ambao kikoa kiliundwa?

Mama Vitenge

Sijaandika hivyo. Nimeandika mwaka niliofungua duka.

Fundi wa Seva

Basi wewe na duka la mleta mada mko tofauti hapo. Duka jipya lisilodai uzee nalipima kwa mambo mengine. Duka linalojivika miaka ya mtu mwingine limeshanipa uongo mmoja kabla sijalipa. Mimi nalipatia uzito zaidi jambo hilo kuliko umri wenyewe, na sijali kama kikoa kina miezi mitatu au miaka kumi na minne.

Mleta mada, fanya ukaguzi wa aina mbili. Kwanza nenda `web.archive.org`, andika kikoa hicho, kisha fungua kurasa zilizohifadhiwa mwaka baada ya mwaka uone kulikuwa na nini. Usiishie kwenye vidoti vya kalenda, fungua ukurasa wenyewe. Pili, nenda `crt.sh` na uandike jina lile lile. Hapo utaona vyeti vya usalama vilivyotolewa kwa kikoa hicho na tarehe zake. Tovuti nyingi hupokea vyeti vya siku 90 vinavyojirudia vyenyewe, kwa hiyo duka lililokuwa hai mfululizo kwa kawaida huacha msururu wa vyeti usio na pengo kubwa. Pengo la mwaka mzima, kisha msururu mpya kuanzia Mei, lingeongea. Lakini ukikosa vyeti vya 2012 usishangae, kwani wakati huo tovuti nyingi hazikuwa na cheti kabisa, na kumbukumbu za wazi za vyeti hazikuwa zimeenea.

Kijana wa Kona

Mimi nimejaribu kwa duka ambalo rafiki yangu alinitumia, nikapata kikoa cha 2006! Kumbe ni la zamani kuliko hata hilo la mleta mada. Naona niagize tu.

Fundi wa Seva

Kabla hujaagiza, hebu tazama anwani uliyotumiwa. Ina neno moja zaidi kabla ya jina kuu, yaani nukta, kisha jina la kampuni inayokodisha nafasi za maduka?

Kijana wa Kona

Ndiyo, iko hivyo. Jina la duka, nukta, halafu jina la kampuni.

Fundi wa Seva

Basi 2006 ni mwaka wa kampuni ile. Duka lenyewe huenda limefunguliwa juzi, na `whois` haiwezi kukuambia, kwa sababu maduka yaliyo chini ya jina la kampuni hayasajiliwi kwenye rejista. Hapo itabidi utegemee kumbukumbu za kurasa peke yake.

Mnunuzi Makini

Nashukuru sana. Nimefanya ukaguzi wote wawili. Katika kurasa zilizohifadhiwa, kuanzia 2012 hadi 2023 kikoa kilikuwa cha kikundi cha wapiga picha: matangazo ya matembezi yao, picha za ndege, na ratiba ya mikutano. Mwaka 2024 hakuna ukurasa wowote uliohifadhiwa. Ukurasa wa kwanza wa viatu ni wa Juni 2025. Kwenye `crt.sh`, vyeti vya wapiga picha vinakoma Novemba 2023, na vipya vinaanza Mei 2025.

Jambo ambalo bado linanisumbua ni lile la nchi. Je, nchi inayoonekana ni ya mwenye duka kweli?

Fundi wa Seva

Inategemea kilichoandikwa kwenye mistari ya jirani. Kama jina la shirika ni la kampuni ya kuficha wateja, nchi ni ya kampuni hiyo, na haina maana yoyote kwako. Kama ni `REDACTED` kama ulivyoeleza, mara nyingi nchi ni ile ambayo mteja mwenyewe aliijaza. Hata hivyo msajili kwa kawaida huhakikisha barua pepe au simu tu, hakagui kitambulisho. Kwa hiyo mwongo angeweza kuandika nchi yoyote. Ajabu yake ni kwamba mwongo makini angeandika nchi ile ile aliyoitaja dukani, kwa hiyo tofauti inaweza kuwa ni uzembe, au ni duka halali linaloendeshwa na mtu anayeishi kwingine. Mimi nisingeitegemea.

Ila hiyo miaka ya wapiga picha haina maelezo mazuri. Labda wamiliki wa sasa wana duka la zamani lililokuwa kwenye kikoa kingine wakahamia hapa. Hilo hutokea. Waandikie, waombe jina la kikoa cha awali, nawe ukikague vivyo hivyo.

Jicho Kali

Mimi ningeacha kuwaandikia. Watatunga jina.

Fundi wa Seva

Wakitunga, jina hilo litakuwa limesajiliwa au halijasajiliwa, na kurasa zake za zamani zitakuwa na viatu au hazina. Uzuri wa swali hilo ni kwamba jibu lake linakagulika. Na kama utaamua kuripoti, usimwandikie mwenye kikoa. Tafuta mstari wa `Registrar Abuse Contact Email` kwenye taarifa ulizopata. Huyo ni msajili, aliyeuza jina, si mwenye duka, ingawa wengi huwachanganya na kumtukana mtu asiyehusika.

Mnunuzi Makini

Nimewaandikia na kuwauliza kikoa chao cha awali. Wamejibu kwa haraka na kwa adabu, wakasema kwamba 2011 ni mwaka ambao mwanzilishi alianza kuuza viatu dukani, kabla ya kuingia mtandaoni, na kwamba ukurasa utarekebishwa. Nimeufungua tena sasa hivi, bado unasema "mtandaoni tangu 2011". Sijalipa, na nitausubiri wiki hii nione kama watabadilisha.