Vim au nano: hizi modi zina faida gani?

Mwanga_KG: Wakuu, faili za seva nahariri kwa nano na kazi inakwenda. Vim inanishinda kwenye modi: nadhani naandika, kumbe herufi zinafuta mistari. Kwa nini amri zote zisiwe kwenye Ctrl kama nano?

Babu_Ujiji: Ni urithi wa zamani tu. Bill Joy alianza vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976, na kwenye kibodi ya terminali yake ya ADM-3A mishale ilichorwa juu ya h, j, k na l. Siku hizi mishale ipo. Bonyeza `i` uingie modi ya kuandika, kaa humo humo, tembea kwa mishale, utaitumia kama nano.

Gungu_Linux: Shikamoo babu. Historia ni hiyo, ila ushauri huo unaua faida yenyewe. Kwenye modi ya kawaida herufi zinaungana kama kitenzi na nomino: `d` ni futa, `c` ni badilisha, `w` ni neno. Ukijua `dw`, tayari `cw` umeielewa. Ctrl haikupi nafasi ya kuunganisha hivyo.

Mwanga, chukua faili hili. Mzigo wa dagaa umehamia Ujiji, migebuka imebaki Kigoma:

```
dagaa,Kigoma,40
migebuka,Kigoma,25
dagaa,Kigoma,60
```

Ukiwa mwanzo wa faili, andika `/Kigoma` kisha Enter. Halafu `cw`, andika Ujiji, bonyeza Esc. `n` inakupeleka kwenye migebuka. Iache, bonyeza `n` tena, kisha nukta. Nukta inarudia badiliko zima la mwisho, kwa sababu Esc ndiyo iliyolifunga. Ukigusa mshale katikati ya kuandika, Vim inalikata badiliko hapo: nukta itarudia kipande cha mwisho tu, na `u` itatengua kipande hicho tu.

Kwa hiyo modi ya kuandika ingia, andika, toka. Makazi yako ni modi ya kawaida.

Isevya_TBR: Hata mimi Vim inaniganda! Nikisevu kwa Ctrl-s, skrini inakufa.

Gungu_Linux: Hilo si la modi, ndugu. Ni terminali imesimamisha maandishi. Bonyeza Ctrl-q yatarudi. Kusevu ni `:w`.

Dada_Kibirizi: Mwanga, angalia na Caps Lock. Ikiwaka, `j` inakuwa `J`, na badala ya kushuka mistari inaungana. Zima, kisha `u` mpaka faili likae sawa. Mazoezi anza na `vimtutor`, kama nusu saa. Ila kubadili mstari mmoja kwa mwezi, nano inatosha kabisa, amri zake ziko chini ya skrini.

Esc ikiwa mbali, weka hii kwenye `.vimrc`:

```
inoremap jj <Esc>
```

Kiswahili hakina neno lenye jj.

Gungu_Linux: Hapo sikubaliani, dada. Akiingia seva nyingine, jj zitabaki ndani ya faili. Ctrl-[ ni Esc ile ile na ipo kote.

Dada_Kibirizi: Kwa anayefanyia kazi mashine yake tu, jj ni nyepesi kuliko vidole viwili.