Bajeti ya matangazo imeshuka kutoka 600,000 hadi 350,000, nianze kukata wapi?

Mahema_Moshi aliandika:

Habari zenu wakuu. Nakodisha mahema, viti na mapambo ya sherehe hapa Moshi mjini. Kila mwezi natenga shilingi 600,000 za matangazo: redio 240,000, Instagram na Facebook 180,000, kamisheni 100,000 na vipeperushi 80,000. Kamisheni ni 20,000 kwa mshereheshaji, mpiga picha au msimamizi wa ukumbi akiniletea mteja aliyelipa advansi.

Gari la kubebea limeharibika injini, na mpaka Januari sitaweza kuvuka 350,000 kwa mwezi. Daftari la Septemba linaonyesha kazi 3 za redio, 6 za Instagram na 5 za kamisheni. Vipeperushi sina uhakika, labda 1. Faida ya kazi moja, nikishatoa vibarua, mafuta na kufua vitambaa, ni wastani wa 70,000.

Nilikuwa nafikiria kupunguza kila sehemu karibu nusu. Naombeni ushauri.

Njiro_Biashara alijibu:

Dada, usipunguze kila sehemu. Hesabu yako iko wazi kabisa. Redio 240,000 kwa kazi 3 ni 80,000 kila kazi, na faida ni 70,000, kwa hiyo kila mteja wa redio anakula 10,000 yako. Instagram ni 30,000 kwa kazi. Ua redio, ua vipeperushi, hela yote peleka Instagram.

Kilele_Utalii alijibu:

Mimi nina kampuni ya kupandisha wageni mlimani, Instagram haijawahi kuniletea mgeni hata mmoja. Wageni wangu wanatoka kwenye tovuti za maoni ya wasafiri na kwa mawakala wa nje. Achana na mitandao, tengeneza tovuti yenye Kiingereza kizuri.

Mahema_Moshi alijibu:

Asante kaka, ila wateja wangu ni wa hapahapa, wenye harusi, sendoff na kipaimara.

Mama_Daftari alijibu:

Mwanangu, nimesimamia matangazo ya maduka Arusha kwa miaka mingi, ngoja tuende polepole.

Njiro yuko sahihi kwamba usikate kila sehemu kwa usawa. Ila hapo pa "peleka yote Instagram" nina shaka. Anachukulia kwamba kama 180,000 imeleta kazi 6, basi 350,000 italeta karibu 12. Moshi haina maharusi wengi hivyo kwa wiki. Ukiongeza hela kwa eneo lilelile, tangazo linarudi kwa watu walewale mara ya nne na ya tano. Swali la kujiuliza ni hili: zile shilingi za mwisho ulizoweka zilileta nini? Je, umewahi kuweka pungufu ya 180,000?

Mahema_Moshi alijibu:

Ndiyo mama. Agosti niliweka 120,000, nikapata kazi 5.

Mama_Daftari alijibu:

Umeona sasa. Elfu 60 ya juu ilikuletea kazi 1 yenye faida ya 70,000, ukabaki na 10,000. Hapo ndipo pa kukata bila kuumia sana, ingawa ukigawanya kwa jumla Instagram inaonekana nzuri kuliko redio. Agosti na Septemba hazifanani kwa sherehe, kwa hiyo usiichukue hesabu hii kama msumari. Inatosha tu kukuonyesha kwamba kuongeza hakutakusaidia.

Kamisheni usiiguse. Unalipa baada ya advansi kuingia mkononi, haiwezi kukupa hasara mwezi mbaya. Ukiipunguza iwe 10,000, yule mshereheshaji atampigia mwenzako.

Halafu niambie, wale 3 wa redio ni watu wa wapi na walikodi nini?

Mahema_Moshi alijibu:

Nimefungua daftari sasa hivi. Wawili ni wa Rombo, kipaimara za familia kubwa, kila mmoja mahema mawili na viti zaidi ya 300. Faida ilikuwa kama 150,000 kila kazi. Wa tatu ni sendoff ndogo hapa mjini, 70,000.

Mama_Daftari alijibu:

Basi hesabu ya redio imegeuka. Faida ni 370,000 kwa matangazo ya 240,000. Wastani wa 70,000 ulikuwa unawaficha hao wa Rombo ndani ya kazi ndogondogo za mjini. Kila chanzo kipe faida yake chenyewe, usitumie wastani wa biashara nzima.

Njiro_Biashara alijibu:

Hapo nimekubali. Lakini mama, kazi mbili za Rombo si inaweza kuwa bahati tu? Mwezi mmoja ni mdogo sana.

Mama_Daftari alijibu:

Inaweza, na siwezi kukubishia. Ndiyo maana sisemi abaki na redio nzima.

Redio ina tabia yake. Ukichukua idadi ileile ya wiki na kupunguza matangazo ya kila siku, yanapotea, hakuna anayesikia mara mbili akakumbuka namba. Bora upunguze wiki, siku za hewani zibaki na matangazo yaleyale. Kama kituo kinakuuzia kwa wiki, nunua wiki 2 kwa 120,000. Weka laini ya simu ambayo haitajwi popote ila redioni. Ukimuuliza mteja kakusikia wapi, wengi watasema "nimeona mtandaoni" kwa kuwa ndicho cha mwisho walichokiona kabla ya kupiga.

Kwa hiyo redio 120,000, Instagram 120,000, kamisheni 100,000. Jumla 340,000. Vipeperushi toa vyote.

fundi_spika alijibu:

Mimi nakodisha muziki Kiboriloni, naongeza moja. Kuanzia Novemba usitangazie Moshi peke yake. Sherehe nyingi za Desemba huku kwetu zinapangwa na watoto walioko Dar, wakija Krismasi kila kitu kimeshalipiwa. Kwenye Instagram badilisha eneo, weka Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, na picha iwe ya hema lililofungwa kwenye uwanja wa nyumbani kijijini, lenye migomba nyuma. Picha za ukumbi hazimgusi mtu huyo. Tangazo liende moja kwa moja WhatsApp.

Mama_Daftari alijibu:

Hilo ni zuri, tena halihitaji hela mpya. Ila tangazo liwe moja kwa wakati mmoja. Ukigawa 120,000 kwenye matangazo manne, kila moja linapata hela ndogo kiasi kwamba mtandao haujui limpelekee nani. Na usibonyeze tu "Boost post" ukachukua lengo lolote, chagua lengo la ujumbe, la sivyo utalipia mioyo ya watu wasiooa.

Mahema_Moshi alijibu:

Asanteni sana. Kuna mtu ananiuzia namba 5,000 za simu za Moshi kwa 40,000 nitume meseji. Nichukue?

Njiro_Biashara alijibu:

Hapana dada. Hao hawakukupa ruhusa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tumia wateja wako wa zamani waliokuachia namba, waulize nani ana sherehe Desemba.

Mama_Daftari alijibu:

Na mwanangu, ukikata leo usihukumu wiki ijayo. Mtu wa harusi anaweka advansi wiki nyingi baada ya kukusikia, kwa hiyo kazi za Oktoba bado zitabeba redio ya Septemba. Angalia simu zinazoingia kwenye ile laini kabla ya kuangalia advansi, simu ndizo zinatangulia kupungua.

Mahema_Moshi alijibu:

Kesho naenda kituoni kuulizia wiki 2. Wakikataa kuniuzia pungufu ya mwezi, je, bora niweke 240,000 redio na Instagram niiache kabisa, au niachane na Rombo mpaka Januari?

fundi_spika alijibu:

Wakikataa, omba vipindi vya asubuhi tu. Watu wa Rombo nilikopiga muziki wanasikiliza wakiwa jikoni na zizini.

Mama_Daftari alijibu:

Mimi kwa hilo ningeiacha redio, maana 240,000 na kamisheni zinamaliza bajeti na kule Dar hutafika. Ila Njiro anaweza kuona tofauti.