Hadithi yangu ya mama msibani imegeuka mahubiri, naombeni ushauri

Sindano Butu:
Wanajukwaa, salaam. Ninaandika hadithi fupi ya huku kwetu Busia, upande wa Uganda. Nafula ni fundi cherehani sokoni. Jirani yake wa kibanda, muuza dagaa, alimkopa shilingi laki sita, bila karatasi wala shahidi, kisha akafariki. Siku ya mazishi Nafula amekaa mkekani na kina mama wenzake. Mchungaji anasoma Mhubiri sura ya 3, lile shairi la kila jambo na majira yake. Halafu mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, anasimama na kuuliza ni nani anamdai marehemu. Nafula ananyamaza, kwa kuwa amesikia "wakati wa kunyamaza". Hapo ndipo hadithi inaishia.

Nimempa rafiki asome. Akaniambia shairi aliliruka lote, na mwisho wake ni kama somo la Jumapili. Kusema kweli nimelinukuu zima, kisha nikaendelea hivi:

*"Nafula akajifunga leso vizuri. Moyo wake ukajaa amani, akajua Mungu anasema naye."*

Nikate shairi? Na mwisho niufanyeje?

Ndugu katika Bwana:
Usikate hata nukta. Hayo ni maneno ya Mfalme Sulemani, yana jozi kumi na nne, na kila moja ina uzito wake. Shairi linatufundisha kwamba mwenye hekima hujua kuchagua wakati. Nafula amechagua kunyamaza, kachagua vyema. Huyo rafiki yako hasomi Biblia, ndiyo maana karuka.

Mama Malaba:
Pole sana kwa msiba mdogo wangu. Ila usinyamaze! Mimi kuna mwenzangu wa vitunguu alifariki na pesa yangu mkononi. Nilisubiri arobaini ipite, nikaenda nyumbani kwake na wale wawili waliokuwepo siku natoa pesa. Sikwenda kwa ugomvi, nilikwenda na sukari. Ndugu zake wakanilipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Laki sita siyo pesa ya kumwachia kaburi.

Sindano Butu:
Mama asante, lakini mimi sijafiwa. Ni hadithi, Nafula ni wa kutunga.

Mama Malaba:
Sawa. Basi mwambie huyo Nafula aende na sukari.

Mkutubi wa Tororo:
Ndugu katika Bwana, jozi ni kumi na nne kweli, na mapokeo yanamtaja Sulemani, ingawa kitabu chenyewe kinamwita tu Mhubiri, mwana wa Daudi. Kwenye kuchagua ndipo tunapoachana. Jozi ya kwanza ni kuzaliwa na kufa. Nani aliyechagua siku yake? Na baada tu ya shairi, mstari wa 9, anauliza mtendaji anapata faida gani. Mstari wa 11 unasema Mungu amekifanya kila kitu kizuri kwa wakati wake, ila mwanadamu hawezi kuivumbua kazi hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo nyakati zipo, lakini sisi hatukupewa ratiba. Mama aliyesikia "wakati wa kunyamaza" hajaambiwa kama wakati huo ni leo. Sindano, hadithi yako iko hapo hapo, na wewe umeifunga kwa ile sentensi ya moyo kujaa amani. Ifute.

Sasa shairi. Msomaji anaruka kwa sababu analijua. Mazishini ni vile vile: watu wanainamisha vichwa kwenye "wakati wa kufa", baada ya hapo kila mtu yuko na mawazo yake. Basi mwache Nafula naye asisikilize. Umemfanya fundi cherehani halafu umempitisha kwenye mstari wa 7 kana kwamba hana sikio! "Wakati wa kurarua, na wakati wa kushona" unatangulia "wakati wa kunyamaza, na wakati wa kunena" papo hapo. Na jozi hizo mbili zinanuka msiba. Yakobo alipodhani Yusufu ameliwa na mnyama alirarua mavazi yake. Rafiki za Ayubu walirarua majoho yao, kisha wakakaa naye chini siku saba bila kusema neno.

Mimi ningefanya hivi. Akisikia "kushona" mawazo yake yaondoke, aangalie nguo za waliokaa mbele kama fundi anavyoziangalia:

*"Kifungo kimoja cha gomesi ya mjane kilishikizwa kwa uzi mweupe, na kitambaa ni zambarau. Kazi ya usiku, Nafula akawaza, tena ya mtu asiye na taa. Alipoinua macho mchungaji alikuwa amefika kwenye vita na amani."*

Yaani "kunyamaza" na "kunena" zimempita. Hata akiwauliza jirani zake hapo mkekani, hakuna atakayemwambia.

Ndugu katika Bwana:
Kwa hiyo unataka aikose sehemu yenye ujumbe?

Mkutubi wa Tororo:
Msomaji anaijua. Ataisikia kwa niaba yake.

Boda wa Mpakani:
Mimi si mtu wa vitabu, lakini mazishi ya huku nimeyabeba sana na pikipiki yangu. Utaratibu wako umepinduka. Mara nyingi hotuba zinatangulia: ukoo, marafiki, mwenyekiti wa LC1, wanasiasa wakiwepo, na hao hawamalizi. Ibada inakuja mwisho, mchungaji ana haraka kwa sababu mvua inakusanyika, kutoka hapo ni kaburini. Suala la madeni linatangazwa wakati wa hotuba, na mara nyingi wanamtaja ndugu fulani wa kumwona baadaye. Hakuna anayesimama mbele ya jeneza kutaja laki sita.

Kwa hiyo Nafula ameshanyamaza KABLA shairi halijasomwa.

Halafu huku mpakani mchungaji akisoma Kisamia, mkalimani anafuata kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa ng'ambo ya Kenya. Kila mstari unasikika mara mbili. Hiyo umeiacha.

Mkutubi wa Tororo:
Boda, umeiokoa hadithi kuliko mimi. Akiwa ameshanyamaza, shairi haliwezi tena kumpa ruhusa ya kunyamaza, linamkuta kwenye jambo alilokwisha kulitenda. Na mkalimani anakupa nafasi kati ya mstari na mstari: kwa Kisamia anasikia "kurarua", na kabla Kiswahili hakijafika ameshaona kile kifungo. Ila sasa kile kipande changu kina kasoro. Mkalimani akirudia kila kitu, kupitwa na maneno mawili kwa lugha mbili ni vigumu kidogo. Labda asikie nusu tu, "na wakati wa kunena", sauti ya mkalimani peke yake.

Sindano Butu:
Nimeelewa. Nahamisha hotuba ya LC1 juu, shairi nabakiza mstari wa kwanza na wa 7 tu. Swali moja bado: amwendee yule ndugu aliyetajwa, au aondoke?

Ndugu katika Bwana:
Aondoke. Asamehe. Ndiyo Injili.

Mama Malaba:
Asamehe na ada ya shule nani atalipa? Aende.

Mkutubi wa Tororo:
Mimi ningemfikisha kwa mjane, siyo kwa ndugu, na akifika aanze na kifungo. Deni akilitaja au asilitaje, mimi sijaamua. Andika zote mbili utuletee.

Boda wa Mpakani:
Ukileta, rekebisha na ile leso. Siku ya mazishi kina mama wa huku wanajifunga kitambaa kiunoni, na hilo Nafula angelifanya asubuhi kabla hajatoka nyumbani, siyo katikati ya ibada.