Uzi wa posti 14 uwe makala moja: kuunga ulivyo, kupanga upya, au kuandika tena?

KaraniWaShamba:
Wakuu, nina uzi wa X wenye posti 14 kuhusu kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Nataka uwe makala moja ya blogu, maneno kama 700. Naona njia tatu: kubandika posti zilivyo na kuziunga, kuzivunja na kuzipanga upya chini ya vichwa vidogo, au kuufunga uzi na kuandika yote upya. Mpangilio wake: uharibifu wa dumuzi (1–3), mfuko na tabaka zake tatu (4–6), kufunga (7–8), kukausha hadi unyevu uwe chini ya asilimia 13.5 (9–10), jaribio la chumvi (11), panya (12), kisha "sambaza, tufuate" (13–14).

Mtu_wa_Fasta:
Njia ya kwanza, nusu saa umemaliza. Futa namba na posti mbili za mwisho, weka "pia", "vilevile" au "hata hivyo" mwanzoni mwa aya, na kichwa kidogo kila baada ya posti mbili.

BiMhariri:
Kufuta namba sawa. Hizo "pia" ndizo zitakazoiumbua makala. Chukua aya mbili zilizoungwa kwa "pia" uzibadilishe nafasi. Kama msomaji hatagundua, basi hazikuwa zimeungana, zimekaa jirani tu.

Tatizo la uzi huu liko kwenye mpangilio. Uzi hutanguliza kinachovuta macho, ndiyo maana mfuko umekuja kabla ya kukausha. Anayesoma makala ataifuata kwa mikono: akikutana na mfuko kwanza, atafunga mahindi mabichi na yataota ukungu humo humo. Kwa hiyo njia ya pili. Nakili posti zote kwenye ukurasa mmoja, na kando ya kila moja andika swali inalolijibu. Zinazojibu swali moja zikae pamoja, kisha yapange maswali kwa mfuatano wa kazi: kukausha, kupima, kufunga, kulinda. Hapo una vichwa vinne, na kwa maneno 700 vinatosha. Kichwa kila posti mbili kitakupa sita au saba, makala ionekane kama orodha ya bei.

Kiungo kizuri hushika jambo lililoishia aya ya juu. Posti ya 7 sasa inaanza hivi: "Kosa kubwa la wengi! Kufunga tabaka zote pamoja." Ikija baada ya kukausha, iandike hivi: "Mahindi yakishakauka, kilichobaki ni kuwanyima wadudu hewa, na hewa hupenya pale tabaka zinapofungwa kwa fundo moja. Funga kila tabaka peke yake." Panya naye hahitaji "vilevile". Anaingia kwa sababu tundu lake linarudisha hewa ile ile uliyoizuia.

Mzee_wa_Chupa:
Mmepita juu ya posti ya 11. Chumvi kavu ikitikiswa na mahindi kwenye chupa kavu, ikagandia ukutani, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isipogandia, unajua tu kwamba uko chini ya hapo. Lakini posti ya 9 inadai 13.5. Mahindi ya asilimia 14 yatafaulu chumvi na bado si makavu ya kutosha.

BiMhariri:
Shikamoo mzee, umelenga penyewe. Kwenye uzi posti hizo zimetengana, kila moja inaonekana sahihi. Jaribu kuziunga kwa "kwa hiyo" na sentensi inakataa. Andika: "Chumvi itakuonyesha mahindi ambayo bado ni mabichi, kuhakikisha 13.5 unahitaji kipimo cha unyevu."

Ngoma_Dakika90:
Mimi uzi wangu ni wa mechi, posti 30, dakika kwa dakika. Nao niuvunje?

BiMhariri:
Hapana, huo mpangilio wake ni saa. Punguza tu, na utafute "sasa hivi" na "hapo juu" zote, maana kwenye makala hazina pa kushika.

Mtu_wa_Fasta:
Na njia ya tatu?

Mzee_wa_Chupa:
Mimi ningeichagua hiyo. Ukiandika bila kutazama posti, sentensi zinakuja ndefu zenyewe. Ukipanga upya, utabaki na vijisentensi vifupi vifupi vyenye alama za mshangao.

BiMhariri:
Na ukiandika kutoka kichwani, 13.5 itageuka "kama 13". Takwimu zitoke kwenye posti.

KaraniWaShamba:
Nakwenda na ya pili. Posti ya 1, "Umeshawahi kufungua gunia ukakuta unga mtupu?", niiache kama mwanzo?

Mtu_wa_Fasta:
Iache, ndiyo iliyovuta watu.

BiMhariri:
Ilivuta watu waliokuwa wanapita. Aliyefungua makala ameshaamua kusoma. Mwambie kwa sentensi moja dumuzi anafanya nini, uingie kwenye kukausha.

Mzee_wa_Chupa:
Hapo nipo na Fasta.